Mkate Usiokandwa: Kifuniko Kinafanya Kazi Gani Ndani ya Oveni?

Dakika ya 30 ikitimu nafungua oveni, naitoa sufuria na kuondoa kifuniko. Mvuke unanipiga usoni, na ukishatawanyika naona mkate uliofura hadi kupasuka juu, unang'aa kama umepakwa mafuta, lakini rangi yake bado ya maziwa. Shangazi yangu wa Tanga alikuwepo jikoni kwangu Dar es Salaam siku moja nilipofanya hivyo. Akainama, akautazama, akaniuliza: "Mwanangu, nusu saa nzima kwenye moto wote huo, na bado mbichi?"

Nikamwambia, "Umeshaiva, shangazi. Kilichobaki ni rangi tu." Nikaurudisha ndani bila kifuniko. Dakika 18 baadaye ulitoka na rangi ya kahawia iliyokolea, na nilipouweka juu ya waya ganda lake lilianza kutatarika.

Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Oveni ilikuwa na nyuzi 230 za Selsiasi. Kwa joto hilo karanga zingekwisha kuungua mara kadhaa. Inakuwaje mkate ukae humo nusu saa nzima bila kupata rangi, kisha upate rangi yote ndani ya robo saa ya mwisho? Ukilielewa jibu la swali hilo, umeelewa njia nzima ya kuoka mkate huu, na ukiharibika utajua pa kuanzia kutafuta kosa.

Njia yenyewe ilienea duniani kutoka New York. Tarehe 8 Novemba 2006, Mark Bittman aliandika katika gazeti la New York Times kuhusu mwokaji Jim Lahey, mwenye Sullivan Street Bakery ya Manhattan. Lahey alikuwa akichanganya unga, maji, chumvi na hamira kidogo mno, robo kijiko cha chai kwa vikombe vitatu vya unga, kisha anauacha mchanganyiko huo saa 12 hadi 18 bila kuukanda. Baada ya hapo aliuoka ndani ya sufuria nzito yenye kifuniko, iliyokwisha kupashwa moto ndani ya oveni. Watu wengi walishangazwa na kutokukanda. Kwa maoni yangu, jambo kubwa zaidi lilikuwa sufuria.

Hata hivyo kutokukanda nako kuna sababu yake, na nitaieleza kwa ufupi. Unga wa ngano una protini ambazo zikikutana na maji hushikana na kufanya utando unaovutika, ndio gluteni. Tunapokanda tunazilazimisha protini hizo zikutane na kujipanga haraka. Unga ukiwa na maji mengi na ukiachwa kwa muda mrefu, zinakutana zenyewe, na mapovu ya hewa yanayotokana na hamira huzivuta na kuzinyoosha polepole. Ndiyo maana mchanganyiko huu lazima uwe mlaini na wa kunata. Ukiufanya mkavu kama wa chapati, muda peke yake hautoshi. Utahitaji mikono.

Kiasi ninachotumia ni unga wa ngano gramu 400, maji gramu 300, chumvi gramu 8, na hamira ya chengachenga. Maji hayo ni robo tatu ya uzito wa unga, na ndiyo yatakayogeuka mvuke ndani ya sufuria. Hilo ndilo jambo la kushika tunapoingia kwenye oveni.

Mvuke uliofungiwa

Donge la mkate likiingia kwenye joto, mambo mawili hushindana. Hewa ndani yake inatanuka na hamira inafanya kazi kwa pupa kabla haijafa, kwa hiyo donge linataka kufura. Wakati huohuo ngozi ya juu inakauka, na ngozi iliyokauka ni ganda, na ganda halitanuki. Ganda likiwahi, mkate unabaki mdogo na mzito, au unapasuka ubavuni mahali dhaifu. Hamira nayo haina muda mrefu. Joto la ndani likifika kama nyuzi 60 imeshakufa. Kwa hiyo kila dakika ambayo ngozi ya juu inabaki laini ina thamani.

Waokaji wenye oveni kubwa hulitatua jambo hili kwa kupuliza mvuke ndani mwanzoni mwa uokaji. Nyumbani hatuna kifaa hicho. Nimewahi kuona watu wakiweka bakuli la maji ya moto chini ya oveni, au wakimwaga maji kwenye trei yenye moto, na kwa jiko la gesi juhudi hizo nyingi hupotea bure. Oveni ya gesi imejengwa na matundu ya kutolea hewa iliyochomwa. Yasingekuwepo, moto wenyewe ungezimika au ungekujazia jikoni hewa ya sumu. Mvuke unaouweka unatoka kwa matundu hayohayo karibu kwa kasi unayouweka.

Sufuria yenye kifuniko inaondoa tatizo hilo kwa kuifanya oveni iwe ndogo. Hebu tupige hesabu. Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke hujaza takriban lita 1.7. Sufuria yangu ni ya lita 5, na donge linachukua karibu lita moja, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni lita 4. Gramu 2 na nusu tu za maji zinatosha kuijaza mvuke yote. Hizo ni nusu ya kijiko cha chai, na donge lina gramu 300. Ndani ya dakika chache tangu ufunike, hewa iliyokuwamo imeshasukumwa nje na kilichobaki ni mvuke wa mkate wenyewe.

Mvuke huo unafanya kazi tatu kwa mpigo. Kwanza unagusa ngozi ya donge, ambayo bado ni baridi, na kurudi kuwa maji. Unapogeuka hivyo unaacha joto lake pale juu, kwa hiyo mkate unapata moto upesi kuliko ungepata kwa hewa kavu. Pili, unaiweka ngozi ikiwa na unyevu, nayo inaendelea kutanuka. Tatu, na hii ndiyo siri ya ule mng'ao shangazi aliouona, wanga ulio juu ya ngozi unakunywa maji hayo, unavimba na kuiva, kama unga wa uji unavyoshika sufuriani. Mkate unafunikwa na utando mwembamba wa uji. Utando huo ndio baadaye hukauka na kuwa ganda jembamba, gumu, lenye kung'aa na kuvunjika kwa mlio.

Sasa jibu la shangazi limeshaanza kuonekana. Mahali palipo na maji hapapandi juu ya kiwango cha maji kuchemka. Oveni inaweza kuwa na nyuzi 230, chuma cha sufuria vilevile, lakini maadamu ngozi ya mkate ina unyevu, joto lake litabaki karibu na nyuzi 100. Rangi ya kahawia inatokana na sukari na protini kukutana kwenye joto kali, mmenyuko ambao Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza mwaka 1912, na katika mkate unaanza kuonekana vizuri ngozi ikipita takriban nyuzi 140. Chini ya kifuniko haifiki huko. Inaiva ndani, inafura, lakini rangi haiji.

Shangazi aliposikia hivyo alinikumbusha mkate wa kumimina. Yeye huupika kwa kupalia: sufuria juu ya makaa machache, kifuniko juu yake, na makaa mengi juu ya kifuniko. "Nasi hatufunuifunui," alisema, "ukifunua mapema unalala." Yuko sahihi, na sababu ni jamaa ya hii ninayoieleza: ukifunua unaachia joto na mvuke kabla mkate haujashika. Tofauti ni kwamba kwake joto kali liko juu kabisa, limekaribiana na mkate, kwa hiyo rangi inapigwa na kifuniko chenye makaa. Katika oveni, joto limeizunguka sufuria pande zote, na ili rangi ije lazima mvuke upewe njia.

Kwa nini sufuria iwe na moto kabla

Donge linapoangukia kwenye chuma kilichokwisha kupata moto, sehemu ya chini inaanza kufura papo hapo na mvuke unaanza mara moja. Sufuria baridi ingezitumia dakika za mwanzo kujipasha yenyewe, huku donge laini likisambaa kama chapati ya maji. Kuna wanaooka kwa kuanza na sufuria baridi na wanapata mkate wa kulika, lakini kwa donge lenye maji mengi kiasi hiki naona unatoka bapa, na chini unaweza kunata.

Chuma kizito cha kusubu, chenye enameli au kisicho nayo, ndicho bora kwa sababu kinabeba joto jingi na hakilipotezi unapofungua. Kinahitaji dakika 30 kwa uchache ndani ya oveni iliyofika joto lake. Mimi nakipa 45 tangu kuwasha. Sufuria nene ya alumini yenye kifuniko cha alumini inafanya kazi pia, ingawa inapoa haraka ukiwa unahangaika na donge. Chungu cha udongo kinafaa, ila kiingie kwenye oveni ikiwa baridi, kipate moto pamoja nayo, maana ukikitia ghafla kwenye moto mkali kitapasuka. Kifuniko cha kioo usikitumie. Na kitazame kile kishikio cha juu ya kifuniko: kikiwa cha plastiki kifungue uking'oe, tundu lake ulizibe kwa bolti na nati ya chuma.

Upana nao una maana. Kwa gramu 400 za unga, sufuria ya lita 4 hadi 5 inalishika donge pembeni na kulisukuma juu. Ndani ya sufuria pana mno donge litaenea, na utakula mkate wa urefu wa vidole viwili.

Kuhusu nyuzi zenyewe, maelezo ya mwaka 2006 yalitaja 450 za Farenhaiti, ambazo ni kama 230 za Selsiasi. Katika majiko ya gesi yenye namba, hiyo ni namba 8. Majiko mengi tuliyo nayo nyumbani hayana hata namba. Yana alama ya moto mkubwa na moto mdogo tu. Nilioka mwaka mzima nikiamini kitasa cha jiko langu, hadi niliponunua kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani. Pale kitasa kilipoandikwa 230, ndani palikuwa na 195. Mikate yangu yote iliyochelewa kupata rangi ilipata maelezo siku hiyo. Kama jiko lako halipiti 220, usikate tamaa; ongeza dakika za mwisho, lakini usipunguze muda wa kupasha sufuria.

Usiku wa Dar na saa 18 za New York

Hapa ndipo wengi wa pwani hukwama, na mimi nilikwama pia. Saa 12 hadi 18 zilipangwa kwa jiko lenye nyuzi kama 21. Usiku wa Machi hapa Dar ni wa joto, na jikoni kwangu saa 3 usiku kipimajoto kinasoma 29 au 30. Hamira huongeza kasi karibu maradufu kila joto likipanda nyuzi kumi hivi. Saa 18 za New York kwa hiyo huwa saa 8 au 9 za hapa.

Mara ya kwanza sikulijua hilo. Nilifuata maelezo neno kwa neno, nikachanganya jioni na kurudi kesho yake mchana. Bakuli lilikuwa na harufu kali ya pombe, juu kumelala maji ya kijivu, na donge nilipoligusa lilikatika kama uji mzito. Nililioka hivyohivyo. Halikufura. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba hata baada ya dakika 30 bila kifuniko, rangi ilikataa kuja. Mkate ulitoka wa kijivujivu, na ganda nene kama ubao. Nikailaumu oveni. Kumbe hamira ilikuwa imekula sukari iliyotoka kwenye wanga, na bila sukari hakuna cha kupiga rangi. Utando wa gluteni nao ulikuwa umelegea na kuvunjika kwa kukaa kwenye uchachu muda mrefu. Kwa hiyo mkate wako ukigoma kupata rangi na kipimajoto kinaonyesha oveni iko sawa, rudi nyuma ukahesabu saa za kuumuka kabla hujaligusa jiko.

Sasa nafanya hivi. Ijumaa saa 3 usiku napima gramu 400 za unga, gramu 8 za chumvi, na hamira nusu ya ile robo kijiko, yaani chembe unazoweza kuzishika kwa ncha za vidole viwili. Namimina gramu 300 za maji yaliyotoka kwenye friji, nakoroga kwa mwiko hadi unga mkavu usionekane. Haichukui dakika mbili. Mchanganyiko unakuwa wa kunata, wenye madonge, haupendezi hata kidogo. Nafunika bakuli kwa sahani na kwenda kulala.

Saa 12 asubuhi umeongezeka maradufu na uso wake umejaa vitundu. Ukiinamisha bakuli, mchanganyiko unajitenga na ukingo kwa nyuzinyuzi ndefu, kama ulimbo; hizo ndizo gluteni zilizojifuma usiku. Naumimina juu ya meza iliyonyunyizwa unga, nakunja upande wa kulia, wa kushoto, wa juu na wa chini kuelekea katikati, kama anayefunga kifurushi, kisha naugeuza mikunjo iwe chini. Nauweka kwenye karatasi ya kuokea ndani ya bakuli, nanyunyiza pumba za ngano juu na kuufunika. Saa 12 na robo nawasha oveni, sufuria na kifuniko chake vikiwa ndani.

Saa 1 kamili nabonyeza donge kwa kidole chenye unga. Alama ikirudi polepole na kubakiza kishimo kidogo, liko tayari. Ikirudi mara moja, nalipa dakika 15 nyingine. Kisha naitoa sufuria, nashika karatasi kwa pembe zake na kulishusha donge ndani, nakata mstari mmoja juu kwa kisu kikali, nafunika, narudisha. Hapo haraka ina maana, lakini si haraka ya kujiunguza. Kifuniko kilichotoka kwenye nyuzi 230 hakina tofauti ya sura na kifuniko baridi, ndiyo maana kila nikikiweka mezani nakitupia kitambaa juu, ili yeyote atakayeingia jikoni ajue.

Saa 1 na nusu nafunua. Kwa nini dakika 30 na siyo 15 wala 45? Dakika 15 zinatosha kwa mkate kufura karibu wote, lakini ndani bado ni unga mbichi, na ukifunua hapo ganda litapata rangi na kuungua kabla katikati hapajaiva. Dakika 45 zinaiva ndani vizuri, ila ule utando wa uji unazidi kunywa maji na ganda linakuwa nene na la kutafuna kama mpira, na chini, palipogusana na chuma, panaanza kuwa peusi. Kwa donge la ukubwa huu, 30 ndizo zinazokutanisha ndani iliyoiva na ngozi ambayo bado inaweza kukauka vizuri. Ukioka nusu ya kiasi hiki, dakika 22 hadi 25 zinatosha.

Baada ya kufunua

Mvuke ukishatoka, ngozi inakauka ndani ya dakika chache na joto lake linapanda kwa kasi. Dakika 5 za kwanza huoni kitu. Kati ya ya 5 na ya 10 kingo za mpasuko zinaanza kuwa za dhahabu. Kuanzia ya 12 rangi inakwenda mbio, na hapo siondoki jikoni. Maelezo ya asili yanataja dakika 15 hadi 30. Kwangu ni 18, kwako itategemea jiko.

Wengi wetu tunautoa mapema mno, kwa sababu macho yetu yamezoea boflo, mkate laini wenye sukari na mafuta, ambao rangi ya dhahabu ndiyo kipimo chake. Mkate huu hauna sukari iliyotiwa wala mafuta. Ukiutoa ukiwa wa dhahabu, ganda litakuwa gumu kwa dakika kumi, kisha unyevu wa ndani utatoka nje na kulilainisha mpaka likunjike. Uache ufike kahawia ya gome la mdalasini, na ncha za mpasuko ziwe nyeusi kidogo. Ladha yote ya ganda iko katika zile dakika 5 ambazo moyo wako unakwambia utoe.

Kuna vipimo viwili vya ndani. Geuza mkate uupige chini kwa kiungo cha kidole. Ukilia mtupu, kama ngoma ndogo, umeiva. Mwenye kipimajoto cha kuchoma ataona nyuzi 97 au 98 katikati akiwa Dar, Tanga au Mombasa. Aliye Nairobi asisubiri namba hiyo. Jiji hilo liko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na maji huchemka huko kwenye nyuzi kama 94. Mkate hauwezi kupita hapo ndani yake, na akiusubiri ufike 98 atauchoma. Kwake 92 au 93 ndiyo kuiva. Usiku wa Nairobi wa Julai, kwa upande mwingine, ni baridi kiasi kwamba zile saa 18 za New York zinaweza kumfaa zilivyo, hata zikawa pungufu.

Tatizo moja linabaki kwa wenye oveni za gesi, nalo ni chini kuungua wakati juu bado. Moto wa gesi uko chini, na sakafu ya oveni ni kama kikaango. Usiongeze wala kupunguza joto la oveni, kinga chini. Weka sufuria kwenye waya wa katikati, na kwenye waya wa chini yake weka trei tupu ya kuokea iukatize moto. Nilipofanya hivyo, doa jeusi la chini lilitoweka, na dakika zangu hazikubadilika. Pumba au unga wa dona chini ya donge nao unasaidia, lakini ukiutupa moja kwa moja kwenye sufuria tupu yenye moto utafuka moshi kabla donge halijaingia. Uache kwenye karatasi.

Mkate uliotoka unapimwa kwenye mizani yangu gramu 590 hivi. Vilivyoingia vilikuwa 708. Gramu 118 zilizopotea ni karibu maji matupu: machache yalitosha kuijaza sufuria mvuke, mengine yametoka tulipofunua. Na bado yanatoka, maana ule mlio wa kutatarika ni ganda kavu likipoa na kusinyaa upesi kuliko ndani, likijipasua nyufa ndogondogo. Ndani wanga bado ni uji wa moto. Ukikata sasa hivi kisu kitatoka na utelezi, na utadhani haujaiva, wakati umeiva na haujashika tu. Uache juu ya waya, siyo juu ya sahani wala ndani ya mfuko, kwa saa moja na zaidi.

Shangazi hakungoja saa moja. Alingoja nusu, akamega ganda la pembeni kwa mkono, akalichovya kwenye chai ya tangawizi. Kisha akainua kifuniko cha chuma, akakipima uzito mkononi, akaniuliza kama kingestahimili makaa juu yake.